Obitali za molekuli: mwongozo kamili wa kupata daraja la bondi, usumaku na nguvu ya bondi

Swali ni lilelile, je, oksijeni inavutwa na sumaku, na kosa ni lilelile. Mtu anapewa O₂, anachora atomi mbili za oksijeni, anaziunganisha kwa mistari miwili, anazipa jozi mbili za elektroni kila upande, kisha anaandika: "Kila elektroni ina mwenzake, kwa hiyo oksijeni haivutwi na sumaku."

Mchoro huo unapendeza, ila jibu ni kosa. Oksijeni ikipozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri hugeuka kimiminika cha samawati hafifu. Ukikimimina kati ya ncha mbili za sumaku yenye nguvu, kinanasa palepale na kujaza nafasi iliyo kati ya ncha hizo mpaka kichemke na kuisha. Naitrojeni ya kimiminika ikimiminwa mahali hapohapo inapita moja kwa moja na kudondoka chini.

Mwongozo huu unafuata njia ya obitali za molekuli, ambayo inaeleza kwa nini ile inanasa na hii inapita. Tutaishughulikia oksijeni kwa undani pamoja na ayoni zake tatu, kisha tutaiweka naitrojeni kando yake, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwishoni tutajaribu NO.

## Vitu vya kuwa navyo

Chukua karatasi isiyo na mistari, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iache, kwa sababu mishale utaifuta mara kadhaa.

Uwe na jedwali la elementi la kukuonyesha idadi ya elektroni za ganda la nje.

Unahitaji pia kujua mambo mawili kabla ya kuanza: kwamba obitali, yaani nafasi ambamo elektroni hukaa, hubeba elektroni mbili tu, na kwamba elektroni mbili zikikaa obitali moja spini zao lazima zielekee pande tofauti. Ndiyo maana tunachora mshale mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka.

## Hatua ya 1: Hesabu elektroni za nje

Jumlisha elektroni za ganda la nje za atomi zote mbili. Oksijeni moja ina 6, kwa hiyo O₂ ina 12.

Kama kuna chaji, irekebishe hapahapa kabla ya kuchora chochote. Chaji chanya maana yake elektroni imeondoka, kwa hiyo toa. Chaji hasi maana yake elektroni imeingia, kwa hiyo ongeza. Hivyo O₂⁺ ina 11, O₂⁻ ina 13, na O₂²⁻ ina 14. Ishara ya chaji huwachanganya watu kwa sababu mkono unataka kuongeza ukiona alama ya kujumlisha. Andika jumla yako pembeni mwa karatasi na uizungushie duara. Utairudia.

Wapo wanaohesabu elektroni zote 16 za O₂. Si kosa. Zile nne za ndani hujaza obitali moja ya kuunganisha na moja pinzani, aina mbili tutakazoziona hatua ya 2, zikafutana. Kuziacha kunapunguza kazi tu.

Dalili kwamba uko sawa: tazama kama jumla yako ni namba witiri au shufwa. Ikiwa ni witiri, kama 11 au 13, tayari unajua kitu kimoja: lazima elektroni moja angalau ibaki pweke mwishoni. Ukimaliza mchoro wa O₂⁺ na kila mshale una mwenzake, kuna mahali umekosea.

## Hatua ya 2: Chora ngazi tupu

Kila atomi inaleta obitali nne za nje: moja ya 2s na tatu za 2p. Atomi mbili zinaleta nane, na molekuli lazima ipate nane, bila kuzidi wala kupungua.

Kwa nini zinakuwa za aina mbili? Elektroni hutenda kama wimbi. Mawimbi mawili yakikutana yakiwa yamelingana, yanaimarishana, na wingu la elektroni linakuwa zito kati ya viini viwili. Wingu hilo lenye chaji hasi linavuta viini vyote viwili, na huo ndio muungano wenyewe. Hii tuiite obitali ya kuunganisha, na nishati yake inashuka.

Mawimbi hayohayo yakikutana yakiwa yamepingana, yanafutana katikati. Kati ya viini panabaki utupu, viini vinatazamana bila pazia la kutosha na vinasukumana. Hii ni obitali pinzani. Nishati yake inapanda, nasi tunaiwekea nyota. Elektroni ikikaa humo, inaibomoa bondi.

Herufi σ na π zinaeleza umbo. Sigma inatokana na obitali zinazokutana ana kwa ana, kwenye mstari unaounganisha viini. Pai inatokana na obitali za p zinazolala sambamba na kukutana ubavuni, moja ikiwa juu na chini ya mstari, nyingine mbele na nyuma. Kwa kuwa kuna pande mbili za kukutana kwa ubavu, pai huja mbilimbili zenye nishati sawa. Mtu akichora kidato kimoja tu cha pai, kila kitu kinachofuata kinaharibika, kwa hiyo hesabu vidato vyako.

Hii ndiyo ngazi ya O₂, ya chini ikiwa na nishati ndogo kuliko zote:

```
σ*2p   ___
π*2p   ___   ___
π2p    ___   ___
σ2p    ___
σ*2s   ___
σ2s    ___
```

Dalili kwamba uko sawa: vidato ni vinane, vinne vina nyota na vinne havina.

## Hatua ya 3: Hakikisha umechagua ngazi sahihi

Ngazi hiyo hapo juu ni ya oksijeni na florini. Kwa molekuli kuanzia Li₂ hadi N₂, σ2p na π2p hubadilishana nafasi:

```
σ*2p   ___
π*2p   ___   ___
σ2p    ___
π2p    ___   ___
σ*2s   ___
σ2s    ___
```

Sababu iko kwenye umbali wa nishati kati ya 2s na 2p ndani ya atomi yenyewe. Kwenye boroni umbali huo ni mdogo, karibu elektronivolti 6. Kwenye oksijeni unafika takriban 16. Obitali za sigma zinazotokana na 2s na zile zinazotokana na 2p zina umbo linaloruhusu kuchanganyika, na zikiwa karibu kinishati huchanganyika kweli: ile ya chini inasukumwa chini zaidi, na σ2p inasukumwa juu mpaka inazipita pai. Pai hazina wa kuchanganyika naye hapo, kwa hiyo zinabaki mahali pake. Kwenye oksijeni umbali ni mkubwa mno, mchanganyiko ni hafifu, na σ2p inabaki chini.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Ukitumia ngazi ya oksijeni kwa N₂, utapata jibu sahihi. N₂ ina elektroni 10, na 10 zinajaza σ2p pamoja na pai zote mbili, iwe ipi imetangulia. Kwa hiyo kosa linajificha. Mwanafunzi anapata alama zote kwenye N₂, anaamini ngazi moja inatosha, kisha anaanguka kwenye boroni.

Tazama B₂ kwa karibu. Ina elektroni 6. Nne zinajaza σ2s na σ*2s, zinabaki mbili. Ukiweka σ2p chini, hizo mbili zinaingia humo pamoja na B₂ haivutwi na sumaku. Ukiweka pai chini, kila moja inachukua pai yake na B₂ inavutwa. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba B₂ ina elektroni pweke mbili. Pai ndiyo iliyo chini, na hoja imefungwa.

C₂ inageuza mambo. Ina elektroni 8, na nne za juu zinajaza pai zote mbili kikamilifu, kwa hiyo haina elektroni pweke. Kwa ngazi isiyo yake ungeipa mbili. Kati ya molekuli za kawaida za mazoezi, B₂ na C₂ ndizo zitakazokuadhibu ukichagua vibaya, na adhabu itakuwa kwenye usumaku. Daraja la bondi, yaani idadi ya bondi kati ya atomi mbili, halitabadilika, kwa sababu σ2p na π2p zote ni za kuunganisha.

## Hatua ya 4: Jaza mishale

Anza chini, panda juu. Kanuni ni moja ya kusisitiza: mkifika kwenye vidato viwili vya nishati sawa, weka mshale mmoja kila kidato kwanza, yote ikielekea upande mmoja. Kuoanisha kunafuata baadaye, kama elektroni zimebaki.

Tufanye O₂. Mbili zinaingia σ2s, mbili σ*2s, mbili σ2p, nne π2p. Hapo tumetumia 10. Zimebaki mbili, na kidato kinachofuata ni π*2p chenye nafasi mbili.

```
σ*2p   ___
π*2p   ↑     ↑
π2p    ↑↓    ↑↓
σ2p    ↑↓
σ*2s   ↑↓
σ2s    ↑↓
```

Jibu la swali letu la mwanzo liko kwenye mstari wa pili kutoka juu. Zile elektroni mbili zinakaa mbalimbali, kila moja kwenye kidato chake. Mchoro wa mistari miwili hauna mahali pa kuzionyesha, na ndiyo maana unadanganya kuhusu sumaku ingawa unasema kweli kuhusu idadi ya bondi.

Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari lake akiwa amefanya kila kitu vizuri mpaka hapa, kisha akaziweka mbili za mwisho kwenye kidato kimoja cha π* na kingine akakiacha wazi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kidato cha kushoto kilikuja kwanza. Lakini vidato hivyo vina nishati sawa. Kushoto na kulia ni mambo ya karatasi. Elektroni mbili zenye chaji hasi zikiwa na nafasi ya kukaa mbali, hukaa mbali, na zikiwa na spini za upande mmoja hukwepana vizuri zaidi.

Oksijeni yenye elektroni hizo zilizooanishwa ipo kweli, ila ni oksijeni iliyochangamshwa. Nishati yake iko juu ya ile ya kawaida kwa takriban kilojuli 94 kwa moli. Kwa hiyo kosa la yule mwanafunzi lilikuwa picha sahihi ya kitu kingine.

Dalili kwamba uko sawa: hesabu mishale yote, kisha linganisha na namba uliyoizungushia duara. Kwa O₂ lazima iwe 12.

## Hatua ya 5: Kokotoa daraja la bondi

Hesabu elektroni zilizo kwenye obitali za kuunganisha. Hesabu zilizo kwenye obitali pinzani, zile zenye nyota. Toa, kisha gawanya kwa mbili.

```
daraja la bondi = (za kuunganisha - za pinzani) / 2
```

Kwa O₂, za kuunganisha ni 2 + 2 + 4 = 8. Za pinzani ni 2 za σ*2s na 2 za π*2p, jumla 4. Daraja ni (8 - 4)/2 = 2. Linakubaliana na ile mistari miwili tuliyozoea.

Tunagawanya kwa mbili kwa sababu bondi moja ya kawaida ni jozi ya elektroni. Kwa hiyo kila elektroni inahesabika nusu, na nusu ni jibu halali kabisa. Usilikadirie kuwa namba kamili.

Ayoni zake zinatoka haraka, kwani mabadiliko yote yanatokea π*2p:

- O₂⁺ ina moja tu ndani ya π*2p. (8 - 3)/2 = 2.5
- O₂⁻ ina tatu. (8 - 5)/2 = 1.5
- O₂²⁻ ina nne, zote zimeoanishwa. (8 - 6)/2 = 1

Kosa la kawaida hapa ni kusahau σ*2s kwa sababu iko chini kabisa na macho yako yamezoea kutazama juu. Ukiisahau utapata O₂ yenye daraja 3. Namba hiyo ikitokea kwenye oksijeni isiyo na chaji, rudi ukahesabu nyota zako.

Daraja likitoka sifuri, molekuli haina bondi ya kuishikilia. He₂ ni mfano: mbili za kuunganisha, mbili za pinzani, hakuna kinachobaki. Ukiondoa elektroni moja kupata He₂⁺, daraja linakuwa 0.5, na ayoni hiyo ipo kweli.

## Hatua ya 6: Soma usumaku

Rudi kwenye mchoro na uhesabu mishale isiyo na mwenzake. Kama upo hata mmoja, molekuli inavutwa na sumaku. Kama hakuna, haivutwi. Kwa hakika husukumwa kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho.

Elektroni pweke inavutwa kwa sababu spini yake inaifanya iwe kama sumaku ndogo. Zikiwa mbili kwenye obitali moja, spini zinapingana na usumaku wao unafutana.

Unaweza kukadiria ukubwa wa usumaku huo kwa kipimo kiitwacho magnetoni za Bohr, n ikiwa idadi ya elektroni pweke:

```
μ = √(n(n + 2))
```

O₂ ina n = 2, kwa hiyo √8, yaani karibu 2.83. O₂⁺ na O₂⁻ zina moja moja, zinapata karibu 1.73. O₂²⁻ haina, inapata sifuri.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vingi hulipitia mbio. Watu husema daraja la bondi linatabiri usumaku. Ni kweli nusu, na ni vizuri kujua ni nusu ipi.

Daraja likiwa na nusu ndani yake, kama 0.5, 1.5 au 2.5, idadi ya elektroni ni witiri, kwa hiyo lazima kuwe na elektroni pweke. Hapo unaweza kusema "inavutwa" bila hata kurudi kwenye mchoro.

Daraja likiwa namba kamili, halikwambii kitu. C₂ ina daraja 2 na haivutwi. O₂ ina daraja 2 na inavutwa. B₂ ina daraja 1 na inavutwa, F₂ ina daraja 1 na haivutwi. Namba ni zilezile, majibu ni tofauti. Kwa hiyo ukipata namba kamili usiandike chochote kuhusu sumaku mpaka umeangalia kidato cha juu kabisa chenye elektroni. Wanaokariri kwamba "daraja 2 halina usumaku" ndio wale waliokosa swali la oksijeni.

## Hatua ya 7: Tabiri nguvu na urefu wa bondi

Daraja likipanda, wingu kati ya viini linaongezeka, viini vinavutwa karibu, bondi inakuwa fupi na ngumu kuvunja. Likishuka, bondi inarefuka na kulegea.

Familia ya oksijeni inaonyesha hili vizuri. Urefu wa bondi ni takriban pikomita 112 kwa O₂⁺, 121 kwa O₂, 134 kwa O₂⁻ na 149 kwa O₂²⁻. Kila elektroni inayoingia π*2p inazisogeza atomi mbali zaidi, kama vile mtu anapachika kabari katikati yake.

Sasa ilete naitrojeni. Ondoa elektroni moja kwenye kila moja ya hizi mbili, N₂ na O₂. Wengi huandika kwamba zote zinalegea, kwa kuwa "elektroni ndizo zinazoshikilia bondi, na sasa zimepungua." Mchoro unasema vingine. N₂ imejaza obitali za kuunganisha tu huko juu, kwa hiyo elektroni inayoondoka ilikuwa inajenga. Daraja linashuka kutoka 3 hadi 2.5. Kwenye O₂ ya juu kabisa iko π*2p, ilikuwa inabomoa. Ikiondoka, daraja linapanda kutoka 2 hadi 2.5.

Tendo ni moja, matokeo yanapingana, na vipimo vinakubali. Kuvunja N₂ kunahitaji kilojuli 945 kwa moli, na N₂⁺ inahitaji takriban 840 tu. Kuvunja O₂ kunahitaji 498, na O₂⁺ inahitaji takriban 640.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili, nami naipenda kwa sababu haitegemei kuvunja chochote. Kung'oa elektroni kwenye atomi moja ya oksijeni kunahitaji elektronivolti 13.6. Kung'oa kwenye molekuli ya O₂ kunahitaji 12.1, yaani ni rahisi zaidi, kwa kuwa elektroni hiyo imepandishwa juu ya kiwango cha atomi na kuwekwa kwenye obitali pinzani. Naitrojeni ni kinyume: atomi inahitaji 14.5, molekuli inahitaji 15.6, kwa kuwa elektroni imeshushwa kwenye obitali ya kuunganisha. Ukichora mistari ya 2p ya atomi pembeni mwa ngazi yako, utaona tofauti hizo kwa macho.

### Mpaka wa utabiri huu

Linganisha molekuli ya familia moja: O₂ na ayoni zake, N₂ na ayoni zake. Humo daraja la bondi ni mwongozo wa kuaminika.

Ukivuka kutoka elementi moja hadi nyingine, tahadhari. H₂, F₂ na Li₂ zote zina daraja 1. Lakini H₂ inahitaji kilojuli 436 kwa moli kuvunjika, F₂ inahitaji karibu 159, na Li₂ karibu 105. Atomi za lithi ni kubwa, obitali zake zimetawanyika na hazikutani kwa uzito. Florini ni ndogo, lakini kila atomi ina jozi tatu za elektroni zisizoshiriki, na jozi hizo zinasukumana kwa karibu. Daraja la bondi halijui ukubwa wa atomi wala msukumano huo. Ukiulizwa "ipi ina nguvu zaidi" na molekuli ni za elementi tofauti zenye daraja sawa, usitumie daraja peke yake kama sababu.

Daraja zikitofautiana sana bado linasaidia: N₂ yenye 3 iko mbali juu ya O₂ yenye 2, na O₂ iko mbali juu ya F₂ yenye 1.

## Hatua ya 8: Jaribu NO

Naitrojeni inaleta 5, oksijeni 6, jumla 11. Namba ni witiri, kwa hiyo tayari unajua kwamba NO inavutwa na sumaku.

Hapa atomi hazifanani. Obitali za oksijeni ziko chini kidogo kinishati, kwa hiyo obitali za kuunganisha huegemea oksijeni, na zile pinzani huegemea naitrojeni. Ukichora, weka mistari ya oksijeni chini ya ile ya naitrojeni. Watu huuliza watumie ngazi ipi kati ya mbili. Kwa NO haibadilishi jibu, kwa sababu elektroni 10 za kwanza zinajaza σ2p na π2p zote, na ya 11 inakwenda π*2p peke yake.

Za kuunganisha ni 8, za pinzani ni 3. Daraja ni 2.5, elektroni pweke ni moja.

Sasa ondoa elektroni moja upate NO⁺. Kabla ya kusoma mbele, andika utabiri wako: bondi itafupika au itarefuka, na itavutwa na sumaku au la?

Elektroni inayotoka ni ile ya π*2p. Za pinzani zinabaki 2, daraja linakuwa (8 - 2)/2 = 3, na hakuna elektroni pweke tena. Bondi inafupika kutoka pikomita 115 hadi karibu 106, na usumaku unatoweka. NO⁺ sasa ina elektroni 10 za nje, idadi ileile ya N₂ na ya CO, na zote tatu zina daraja 3 bila elektroni pweke hata moja.

Kama uliandika kwamba bondi itarefuka, rudi hatua ya 4, weka kidole kwenye mshale wa juu kabisa, na uangalie kama kidato chake kina nyota.